Povu la Maji ya Kambini

Dada yangu Bosibori alirudishwa kwetu Gesima kwa sababu ya sabuni. Watu wakiuliza, mama alisema binti yake amekuja kupumzika, na baba, Mzee Jethro, alikohoa kisha akaanzisha habari za mvua. Mimi sikuwahi kuipamba habari hiyo. Mwaka huo wa sabini na tatu nilikuwa kidato cha tatu, mdomo wangu ulikuwa mkali kuliko umri wangu, na kila aliyeniuliza nilimjibu kwamba dada ameachwa kwa ajili ya mche wa sabuni.

Ilikuwa hivi. Bosibori aliolewa na Makori wa Nyaramba, kijana mrefu, mpole, aliyefanya kazi kwenye machimbo ya mawe ya chokaa mbali huko, ukishapita Nairobi, katika nyika kavu. Miaka miwili ya kwanza dada aliishi Nyaramba kwa mama mkwe wake, Bathsheba, huku Makori akija nyakati za likizo tu. Bathsheba alikuwa na kipimo chake cha mke. Tarehe mosi ya kila mwezi alimkabidhi mkamwana wake mche mmoja wa sabuni ya kufulia, kisha akanyamaza akatazama. Kwa Bathsheba, mke mwangalifu ni yule ambaye mche wake unafika mwisho wa mwezi. Wa Bosibori ulifika, na kipande kikabaki cha kumwogeshea mtoto. Bathsheba aliutangaza ushindi huo kanisani na sokoni mpaka watu wakachoka kuusikia. Makori naye aliusikia, akauweka moyoni.

Mwezi wa sita, mwaka wa sabini na mbili, Makori akapewa nyumba katika kambi ya machimbo na kumchukua mkewe pamoja na mtoto wao, Ogari, ambaye alikuwa na mwaka mmoja. Huko mche wa sabuni haukumaliza wiki. Dada alisugua, akasugua, na povu likakataa kutoka. Nguo nyeupe zilianikwa zikiwa za kijivu, zikakauka ngumu, na kwenye karai ukabaki utando mzito uliong'ang'ania kucha. Makori alipokuwa kapera alikuwa akimpa dobi nguo zake, kwa hiyo hakuwahi kushika sabuni pale kambini hata siku moja. Mwanzo aliuliza kwa upole sabuni inakwenda wapi. Baadaye akaanza kuweka alama kwenye mche kwa ukucha. Mwisho akauliza swali ambalo mwanamume wa kwetu akiliuliza nyumba imekwisha kuungua.

"Unamfulia nani?"

Kwetu mwanamke hufua nguo za mume wake, za watoto wake na za wazazi wake. Akifua shati la mwanamume mwingine, hakuna atakayeuliza zaidi. Na dada yangu, maskini, hakuwa na jibu, kwa sababu hata yeye hakujua. Alisema tu, "Sabuni inaisha yenyewe," na jibu hilo ndilo lililomponza. Mwezi wa pili, mwaka wa sabini na tatu, Makori alipanda nao basi mpaka Nyaramba, akamwacha mtoto mikononi mwa Bathsheba, akamwambia dada aendelee na safari mpaka kwao. Hakumpiga wala kumtukana. Mimi naona afadhali angetukana, maana tusi mtu hulijibu.

Ng'ombe wa mahari hawakudaiwa siku hiyo. Lakini wote tulijua kwamba mwezi wa kumi na mbili, Makori akipata likizo, wazee watakaa. Wakimwona dada ana hatia, ng'ombe watarudi Nyaramba, na Ogari atabaki huko moja kwa moja, kwa sababu mtoto ni wa upande uliotoa ng'ombe.

Kwa hiyo Bosibori alingoja. Sijapata kumwona mtu akingoja namna ile. Asubuhi alichuma chai pamoja nasi, chai ambayo sisi Waadiventista Wasabato tuliilima bila kuinywa, na kikapu chake kilijaa kabla ya vyetu kwa sababu hakuwa akizungumza. Siku ya soko alitembea nusu siku mpaka Nyaramba, akapita Kebirigo kulikokuwa na soko zuri tu, ili asimame nyuma ya wauza ndizi na kumwona mwanawe akiwa amebebwa mgongoni na Bathsheba. Hakuthubutu kusogea. Alirudi jioni na miguu iliyojaa vumbi akatuambia Ogari amenenepa, au Ogari ana mafua, au leo Ogari hakuja. Siku ambazo Ogari hakuja hakula.

Alimkumbuka Makori pia, na hilo ndilo lililonichukiza. Shati moja la Makori lilirudi naye kwa bahati mbaya ndani ya furushi, la kijivu kwenye ukosi kama mashati yake yote ya kambini. Dada alilifua kisimani kwetu kila Ijumaa kabla ya Sabato, ingawa hakuna aliyelivaa. Baada ya mara tatu nne likawa jeupe. Nilimwambia alitupe. Akaniambia nitakapompenda mtu nitajua, na mimi nikamwambia kama mapenzi ni kufua shati lisilo na mtu ndani, basi mimi sitaolewa, nitakuwa mwalimu.

Shule yangu ilikuwa ya bweni, upande wa Kebirigo. Mwalimu wetu wa kemia, Bwana Angwenyi, alikuwa ametoka chuo kikuu mwaka uliopita na bado alikuwa na imani na kazi yake. Muhula wa pili alitupa kazi ya mradi: kila msichana arudi kutoka mapumziko ya nusu muhula na chupa ya maji ya kwao, tuyapime ugumu kwa sabuni. Alieleza kwamba maji magumu ni yale yaliyopita kwenye mawe ya chokaa au ya jasi yakabeba madini yake, na kwamba maji ya namna hiyo hayatoi povu upesi. Tukaja na chupa thelathini na mbili. Zilikuwa za visima, mito, chemchemi na mapipa ya mvua.

Tulimimina kiasi kilekile cha maji kwenye chupa, tukatia sabuni iliyoyeyushwa, nusu sentimita ya ujazo kila mara, kutoka kwenye bureti, ule mrija wa kioo wenye alama za vipimo. Tulitikisa, tukaweka chupa chini, tukatazama saa. Povu likidumu dakika moja bila kuvunjika, unaandika kiasi cha sabuni kilichotumika. Maji ya mvua yalihitaji sentimita moja. Ya Gesima moja na nusu. Ya Nyaramba, aliyoyaleta rafiki yangu, mbili. Ya mto mmoja wenye tope yalikuwa mabaya kuyatazama, lakini nayo yalitoa povu kwa mbili. Chupa zote thelathini na mbili zilitoa povu kama vile zimechotwa mahali pamoja.

Mwalimu Angwenyi alivua miwani. "Milima yetu hii," alisema, "haina maji magumu hata ya kuonyesha watoto."

Siku iliyofuata akayatengeneza. Alisaga vijiti vya chaki ya ubaoni, chaki ambayo alisema imetengenezwa kwa jasi, akaviloweka usiku kucha kwenye maji ya mvua, akayachuja kwa karatasi mpaka yakawa meupe, safi, mazuri kuliko yale ya mto. Alinipa mimi nitikise. Nilitia sentimita moja, nikatikisa, hakuna kitu. Tano, hakuna kitu. Nane, tisa. Maji yaligeuka kama maziwa yaliyokatika, na juu yake ukaelea utando wa vipande vipande, mzito, wa kijivu.

Niliacha kutikisa. Utando ule nilikuwa nimeusikia ukielezwa jikoni kwetu mara mia, na mara zote mia sikuwa nimemwamini dada yangu kikamilifu. Naliandika hilo kwa sababu ni kweli. Nilimtetea kwa watu, lakini moyoni nilikuwa nimeacha mlango wazi kidogo.

"Mwalimu," nilisema, "sabuni inakwenda wapi?"

"Inashikana na madini ya chokaa, inakuwa huo utando. Kila sabuni unayotia inaliwa kwanza na chokaa mpaka chokaa iishe. Ndipo inayobaki inatoa povu. Kwa hiyo mtu anafua, lakini hafui nguo, anafua maji."

Nikalia mbele ya darasa zima. Wasichana wakacheka, kisha wakaacha.

Mwalimu aliniruhusu kwenda nyumbani Jumapili na chupa ya maji ya chaki na kichupa cha sabuni. Bosibori alikuwa uani anamenya ndizi. Sikumwambia kitu. Nilitikisa mbele yake tu. Alipouona utando alidondosha kisu, akaingiza vidole viwili kwenye chupa, akaushika, akausugua kati ya kidole na kidole.

"Ni huu," alisema. "Drusilla, ni huu kabisa. Nani amekupa?"

Nikamweleza kama nilivyoelezwa. Alisikiliza akiwa bado ameshika ule utando. Halafu akaingia ndani akatoka na birika alilorudi nalo kutoka kambini, akaniinamishia nitazame. Ndani kulikuwa na ukoko mweupe, mgumu kama ganda la yai. "Na hii?" aliuliza. "Makori alisema mimi sijui hata kusugua birika." Nilikumbuka somo, nikakamua ndimu juu yake. Ukoko ulichemka mapovu madogo, ukatoa sauti ya kufoka. Ilikuwa chokaa. Kwenye birika la mama, lililotumika miaka kumi kwa maji ya kisima chetu, ndimu ilitulia tu kimya.

Dada alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mwezi wa pili. "Hakujua," alisema. "Maskini Makori, hakujua. Akijua atanifuata." Alirudia maneno hayo akimenya, akayarudia wakati wa kupakua, na alipolala nilimsikia akiyasema tena. Kwa mara ya kwanza kungoja kwake kulikuwa na jina: mume wake hajui, na siku atakapojua mambo yatakwisha.

Mimi nilitaka twende Nyaramba kesho yake. Mwalimu Angwenyi ndiye aliyenizuia. "Umepima maji ya chaki yangu," alisema. "Hujapima maji ya shemeji yako. Wazee watakuuliza hayo yametoka wapi, na watakuwa na haki." Kwa hiyo nikamwandikia Makori barua, ya adabu mno. Nilisema tuna mradi wa kemia, shule yetu inatafuta maji ya sehemu mbalimbali za Kenya, na kama shemeji anaweza kutupatia chupa moja tutashukuru. Dada sikumtaja. Nilijiona mjanja sana.

Baada ya wiki tatu mfanyakazi mwenzake aliyekuja likizo alileta shuleni galoni nzima, imefungwa vizuri kwa kamba. Hapakuwa na barua wala swali lolote. Nilishangaa kwamba mtu mwenye shuku kiasi kile alituma maji mengi hivyo bila hata kuuliza ya nini, kisha nikasahau kushangaa kwa sababu ya furaha.

Maji ya kambini yalikula sentimita kumi na tatu. Tuliyachemsha, ukoko ukakaa chini ya sufuria, tukayapima tena yalipopoa, yakataka sita. Mwalimu alieleza kwamba kuchemsha huondoa sehemu moja ya ugumu, na sehemu nyingine hubaki mpaka utie magadi. Tukatia magadi kidogo, yaleyale ambayo mama anawekea maharage yaive, tukaacha yatulie, tukachuja. Yakatoa povu kwa mbili, sawasawa na ya Nyaramba. Nilimwona mwalimu akiandika tarakimu zile mara mbili, naye hakuwa na dada aliyeachwa.

Likizo ya mwezi wa kumi na mbili ikafika, na Makori akafika. Wazee waliketi siku ya Jumapili uani kwa Bathsheba, upande wao ukiongozwa na Mzee Onchiri, baba yake Makori, mzee wa kanisa mwenye sauti ya kuamsha walalao. Sisi tulikuwa baba, mjomba mmoja, dada na mimi na kikapu changu cha chupa. Makori alikuwa kwenye kigoda karibu na ghala, amekonda, shati lake safi. Nilimwona dada akimtazama mara moja tu, haraka, kisha akatazama chini, na uso wake ukawa wa msichana. Nilitamani kumpiga dada.

"Bwakire mono," baba alisalimu, na wakamjibu. Mzee Onchiri akaeleza shauri lililowakutanisha: sabuni iliyopotea, na mke asiyeeleza. Baba akasema binti yake mdogo ana maelezo, ingawa ni mtoto na ni mwanamke, kama wazee wataruhusu. Mzee Onchiri akaguna kwa namna iliyoweza kuwa ndiyo.

Nilipanga chupa tatu za soda zilizo sawa: maji ya mvua, maji ya kisima chao, maji ya kambini. Nilitoa mrija wa kudondoshea dawa niliouazima shuleni. Kabla sijaanza Bathsheba akasimama. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye mikono mipana.

"Huyu ni mdogo wake," alisema. "Atatikisa pole pale anapotaka. Lete hapa. Na sabuni yenu hiyo siitaki."

Akaingia ndani, akatoka na kipande cha sabuni yake mwenyewe, akakikwangua kwa kisu na kukiyeyusha kwenye maji ya mvua ya vuguvugu. Nilifurahi, maana mwalimu angefurahi. Saa hapakuwa, kwa hiyo wakakubaliana kwamba povu likae muda wa Mzee Onchiri kusali Baba Yetu kwa mwendo wake wa kawaida, na likivunjika kabla ya amina halihesabiwi.

Maji ya mvua, mrija mmoja. Mzee alisali mpaka amina, povu lipo. Maji ya kisima, mrija mmoja, povu likavunjika katikati ya sala. Mrija wa pili, likafika amina. Bathsheba alitikisa kichwa kwa kuridhika, kana kwamba kisima chake kimefaulu mtihani.

Halafu akashika chupa ya kambini. Mrija wa kwanza, wa pili, wa tatu, hakuna povu la kusalia. Kwenye wa sita mjomba wetu aliacha kutafuna muwa. Kwenye wa tisa Bathsheba alibadilisha mkono. Utando ulikuwa umejaa, wa kijivu, umeshika kioo cha chupa. Aliinua chupa juani akaitazama muda mrefu. Akatia tena, akatikisa kwa hasira, kama vile maji yale yamemdanganya yeye binafsi. Kwenye wa kumi na nne Mzee Onchiri alifika amina.

Bathsheba akaketi chini na chupa mapajani.

"Mche mmoja kwa mwezi," alisema polepole. "Nami nilimwambia mwanangu, mke wako akimaliza kabla, uliza."

Nilieleza habari ya mawe ya chokaa, kwa Ekegusii, lugha ya kwetu, kadiri nilivyoweza. Nilisema mwanamke yeyote aliye pale uani angepelekwa kambini angemaliza sabuni vilevile, hata mama mkwe mwenyewe. Wanawake waliokuwa wamesimama nyuma ya jikoni walianza kunong'ona. Nikasema dawa yake ni rahisi, mtu anatia magadi kidogo kwenye maji, anayaacha yatulie, ndipo anafua.

"Lakini asitie mengi," alisema Makori. Ndiyo mara ya kwanza alifungua kinywa siku hiyo, na alisema kwa upole, akitazama chupa. "Magadi haya yakizidi yanachubua mikono."

Mzee Onchiri aliitikia kwa kichwa. Baba naye akaitikia. Mimi nilikuwa nimefungua mdomo niendelee na somo langu. Bosibori ndiye aliyesikia.

"Umejuaje?" aliuliza.

Makori alisogeza kigoda nyuma.

"Makori. Umejuaje kwamba yanachubua?"

Alifungua viganja vyake akavitazama, kisha akavifunga. "Dobi alihama," alisema. "Ulipoondoka nilifua mwenyewe. Mche wangu ulikwisha siku tano. Nikadhani nimekosea. Nikanunua mwingine, ukaisha. Mama mmoja jirani, aliyehamia ulipokwisha kuondoka, akanicheka, akanionyesha magadi."

"Mwezi gani?"

"Wa nne."

Tulikuwa mwezi wa kumi na mbili. Nilihesabu kwa vidole nyuma ya mgongo wangu ingawa hapakuwa na haja ya kuhesabu. Ile galoni iliyokuja bila swali sasa niliielewa, na nikaona aibu kwa ujanja wangu wote.

"Miezi minane," dada alisema. "Ulijua mimi sina kosa miezi minane."

"Nilikuwa naona haya, Bosibori. Nilikusema mbele ya watu. Kila wiki nilisema nitaandika. Ile barua ya Drusilla ilipokuja nilifurahi, nikasema basi watajua wenyewe, sitahitaji kusema. Nisamehe. Nilitaka urudi. Siku zote nilitaka."

Naamini alisema kweli. Hata leo naamini. Alikuwa mtu mpole anayeogopa kutazamwa, na kwa kuogopa kutazamwa alimwacha dada yangu asimame nyuma ya wauza ndizi soko baada ya soko.

Mzee Onchiri alikohoa, akaanza kufunga shauri. Mke hana hatia. Ng'ombe wabaki walipo. Mwanamume amekosa, atatoa mbuzi kwa wakwe zake, na kesho mkewe achukue vitu vyake warudi pamoja. Sauti yake ilikuwa ya furaha, na wazee wote walifurahi, kwa sababu hilo ni shauri jepesi kuliko walilolitarajia. Wanawake wa jikoni walikuwa tayari na vigelegele. Baba alinigusa bega. Nilikuwa nimeshinda.

"Bosibori," alisema Mzee Onchiri, "utarudi na mume wako?"

Dada alisimama, na vigelegele vikapoa midomoni mwa watu.

"Kama angekuwa hajui, Tata, ningeondoka naye leo hii, hata kwa miguu," alisema. "Miezi yote hii nilijiambia hajui. Hilo ndilo lililokuwa chakula changu. Sitarudi. Naomba mtoto wangu."

Wazee wakaguna wote kwa pamoja. Mmoja akamkumbusha kwamba ng'ombe wako Gesima na mtoto ni wa Nyaramba, na mwanamke asiyerudi kwa mumewe hawezi kuondoka na mtoto wa watu. Alisema sheria, na hakuna hata mmoja wetu aliyeweza kumpinga. Baba alitazama chini.

Bathsheba akasimama. Aliweka chupa ardhini, akaingia ndani ya nyumba, akatoka na Ogari akiwa nusu usingizi. Mtoto alimtazama mama yake kama mtu anayejaribu kukumbuka jina. Bathsheba alimgeuza dada kwa bega, akampandisha mtoto mgongoni, akafungua leso yake mwenyewe kiunoni akamfunga nayo, akakaza fundo mara mbili.

"Mtoto ni wetu," aliwaambia wazee. "Sijasema si wetu. Atakaa kwa mama yake. Huyu," akamwonyesha Makori bila kumtazama, "akimtaka mwanawe anajua njia ya Gesima. Na mimi ndiye niliyemfundisha kuhesabu sabuni, kwa hiyo msiniulize kitu."

Tulitembea mpaka nyumbani, dada mbele, na Ogari alipoamka vizuri karibu na Kebirigo akaomba ndizi, akapewa, akaomba nyingine.

Makori alikuja. Sitamsingizia, alikuja. Pasaka, na mwezi wa nane, na Krismasi, kila likizo aliyopata. Aliketi uani na Ogari magotini, dada akampikia ugali na mboga za chinsaga, akamnawisha mikono kwa heshima zote, naye jioni akaondoka akienda kulala Nyaramba. Mara mbili alimwomba mbele ya baba. Mara mbili dada alisema hapana kwa sauti ya chini. Niliifurahia kila hapana, na mwaka uliofuata niliuona mtihani wa kemia ukiuliza swali la maji magumu, nikaliandikia ukurasa mzima na kuzidi nafasi.

Ila siku moja, mwezi wa nane wa sabini na tano, tukichuma chai kwenye mteremko wa chini, Makori alikuwa ameondoka jana yake jioni na Bosibori alikuwa amesimama kwenye mstari mmoja kwa muda mrefu bila kutia jani kikapuni. Alikuwa akitazama barabara. Hapakuwa na mtu barabarani.

Nikamuuliza, kwa mdomo wangu ule ule, kama bado anamtaka.

"Kila siku," alisema. "Nikiamka, yeye. Nikilala, yeye. Ulidhani imeisha?"

"Basi rudi," nilisema. Nilijisikia nikisema hivyo, mimi.

Alitikisa kichwa. "Nikirudi nitafua nguo zake. Nitatia magadi, povu litatoka zuri, na kila likitoka nitakumbuka kwamba alilitazama peke yake miezi minane. Sitaweza, Drusilla. Nampenda, na sitaweza."

Nilikuwa na alama nzuri za kemia, na hazikunisaidia kitu. Nilishika mstari wake kutoka upande wa pili, tukachuma tukielekeana mpaka tukakutana katikati.